Dojo, sensei, kata na dan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maneno haya manne hutamkwa kila siku na watu wanaojifunza karate, judo, kendo na aikido, na wengi huyajua kwa matumizi tu: dojo ni ukumbini, sensei ni mwenye kufundisha, kata ni mfululizo wa mapigo, dan ni mkanda mweusi. Kwa Kijapani kila neno lina maana yake ya kawaida, na maana hiyo inaondoa makosa mengi ya kuzungumza, ya kupanga darasa na hata ya kufanya mazoezi. Ukitafuta jambo moja tu, nenda moja kwa moja kwenye kundi lake. Palipo na uhusiano, jibu litakuelekeza kwenye swali jingine.

## Dojo

Neno "dojo" linataja nini hasa?

Lina sehemu mbili. "Do" ni njia, na "jo" ni mahali. Dojo ni mahali pa njia. "Do" hii ndiyo ile inayomalizia judo, kendo, aikido na karatedo, kwa hiyo neno lenyewe halitaji kupigana wala mchezo, linataja pale ambapo njia fulani inafuatwa.

"Jo" peke yake haina uzito wowote wa kidini. Wajapani huitumia kwa mahali pa shughuli yoyote: kiwanda ni kojo, kiwanja cha ndege ni hikojo. Hata eneo la mashindano lina neno lake lenye "jo" hiyo hiyo, shiaijo, yaani mahali pa pambano. Ndiyo maana mikeka ya mashindano ya judo au karate haiitwi dojo, hata kama mashindano yanafanyika ndani ya ukumbi ambao siku nyingine ni dojo.

Neno zima lilitoka katika Ubudha kabla ya kufika kwenye sanaa za mapigano. Wachina walilitumia kutafsiri neno la Kisanskriti linalotaja mahali pale chini ya mti ambapo Buddha alipata mwamko, kisha likaenea kwa mahali popote pa ibada na mafunzo ya watawa. Japani ikalipokea hivyo, na walimu wa upanga na mieleka wakalichukua baadaye sana.

Je, dojo lazima liwe jengo maalumu?

Hapana, kwa kuwa neno linataja mahali na kinachofanyika hapo, bila kutaja kuta. Kano Jigoro alipoanzisha judo mwaka 1882 alikuwa na chumba katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, chenye mikeka 12 ya tatami. Tatami moja ni takriban mita 0.9 kwa mita 1.8, kwa hiyo eneo lote lilikuwa kama mita 20 za mraba. Huko Okinawa karate ilifundishwa mara nyingi uani mwa nyumba ya mwalimu.

Kwa hiyo ukumbi wa shule au wa kanisa uliokodiwa kwa saa mbili ni dojo kamili kwa saa hizo mbili. Kinachohitajika ni kupanga mahali. Kwanza chagueni upande wa mbele, unaoitwa shomen. Upande huo ndio wa heshima, na upande ulio mkabala nao ndio wa wanafunzi. Chagueni ukuta ulio mbali na mlango. Mkiweka shomen upande wa mlango, kila anayechelewa atapita nyuma ya mwalimu na kukatiza mbele ya mstari mzima, na salamu ya kuanza itavurugika kila siku. Katika madojo mengi ya karate, wanafunzi wakiutazama shomen, mwenye daraja la juu husimama mwisho wa kulia na mgeni kabisa mwisho wa kushoto. Mkishakubaliana upande, msiubadilishe kutoka wiki hadi wiki, kwa sababu mpangilio wa mstari na mahali pa kuanzia kata vinautegemea.

Mbona majina kama Kodokan na Shotokan yana "kan" wala si "dojo"?

"Kan" ni jengo au ukumbi mkubwa. Kodokan ni ukumbi wa kujifunza njia: "ko" ni kusoma na kufafanua, "do" ni njia. Shotokan lilikuwa jengo moja mjini Tokyo ambalo wanafunzi wa mwalimu wa karate Funakoshi Gichin walilipa jina lake la ushairi, Shoto. Jengo hilo liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1945, lakini jina lake likabaki kwa mtindo mzima wa karate. Kwa hiyo "dojo la Shotokan" si kosa: la kwanza linataja mahali unapofanyia mazoezi, la pili siku hizi linataja mtindo.

## Sensei

"Sensei" maana yake ni mwalimu?

Kwa matumizi, ndiyo. Kwa sehemu zake, hapana. "Sen" ni kabla au mbele, na "sei" ni kuzaliwa au kuishi. Sensei ni aliyetangulia kuzaliwa. Ndani ya neno hilo hamna kufundisha, wala kupigana, wala mkanda.

Ndiyo sababu huko Japani neno hili si la madojo peke yake. Mwalimu wa shule ya msingi ni sensei, na vilevile daktari, wakili, mwandishi wa vitabu na mbunge. Anayeingia hospitali ya Kijapani na kusikia "sensei" asitafute mwanakarate.

Maana ya kutangulia kuzaliwa nayo isichukuliwe kwa umri halisi. Mwalimu wa miaka 28 anaitwa sensei na mwanafunzi wa miaka 60 bila tatizo, kwa sababu kinachohesabiwa ni nani alitangulia katika njia hiyo. Kwetu, ambako mtu mzima hatajwi kwa jina tupu, baadhi ya vijana wanaofundisha hulionea haya neno hili mbele ya wanafunzi waliowazidi umri. Hawana haja. Nje ya darasa mzee abaki kuamkiwa "shikamoo" kama kawaida, kwani heshima moja haifuti nyingine.

Je, naweza kujitambulisha "Mimi ni sensei Asha"?

Kwa Kijapani haifai. Sensei ni neno ambalo wengine wanakupa, na mtu kujiita hivyo husikika kama kujipa heshima mwenyewe. Mwalimu akijitaja hutumia neno la kazi tu. Kwa Kiswahili sema "nafundisha karate" au "mimi ni mkufunzi wa hapa", kisha waache wanafunzi waseme sensei.

Kuna na jambo la mpangilio. Kijapani huweka neno hili baada ya jina, yaani "Tanaka sensei". Kiswahili huweka cheo mbele, kama "Mwalimu Asha", kwa hiyo "Sensei Asha" ni Kiswahili sahihi na hakuna wa kulikosoa. Ukimwandikia mwalimu wa Japani barua, fuata mpangilio wake, na usiongeze "san" juu ya sensei. "San" ni heshima ya kawaida kwa mtu yeyote, na sensei tayari imeshachukua nafasi yake.

Lazima mtu awe na dan ya ngapi ndipo aitwe sensei?

Neno halina kiwango. Anayesimama mbele kukufundisha ndiye sensei wako. Vyama vya karate, hata hivyo, vimejiwekea kanuni zao. Katika Kyokushin, kwa mfano, dan ya 1 na ya 2 kwa kawaida huitwa senpai, dan ya 3 na ya 4 huitwa sensei, na kuanzia ya 5 huitwa shihan. Hizo ni kanuni za chama, zifuate ukiwa ndani ya chama hicho, lakini usiende nazo kwenye dojo la judo na kuanza kuwasahihisha wenyeji.

Senpai ni aliyekutangulia kujiunga, na kinyume chake ni kohai, aliyekuja baada yako. Hapo kinachohesabiwa ni siku ya kuingia. Shihan ni mwalimu wa kuigwa, na kwa kawaida hupewa mtu na chama, hatwai mwenyewe.

## Kata

"Kata" inataja nini?

Inataja umbo. Kijapani kina herufi mbili tofauti zinazosomeka "kata" na kutumika katika sanaa za mapigano. Moja ni umbo linaloonekana kwa macho. Nyingine ni kalibu, ile inayotumika kumimina kitu ili kila kinachotoka kifanane. Madojo mengine huandika ya kwanza, mengine ya pili, na mabishano juu ya ipi ni bora hayajaisha.

Tofauti hii ina faida mazoezini. Mwalimu akisema umbo lako si sahihi, anazungumzia kinachoonekana: goti halijakunjwa, mkono wa kuvuta haujafika nyongani, mabega yamepanda. Akisema kalibu, anazungumzia chanzo ambacho wote wanapaswa kukirudia bila kukibadilisha. Anayebuni mfululizo wake mwenyewe wa mapigo anaweza kuwa na umbo zuri, ila hana kalibu.

Je, kata ni ya mtu mmoja tu?

Katika karate, kwa kawaida ndiyo, na hapo ndipo dhana hii ilipotoka. Lakini judo ina Nage-no-kata, ambayo ina mitupo 15 katika makundi matano ya mitatu mitatu, na kila mtupo hufanywa kulia na kushoto. Inahitaji watu wawili, tori anayetupa na uke anayetupwa. Kendo nayo ina kata 10 zilizowekwa mwaka 1912: saba za panga ndefu pande zote mbili, na tatu ambazo mmoja anashika upanga mfupi. Kwa hiyo "kata ni kupigana na mtu asiyeonekana" ni maelezo ya karate pekee.

Nimeambiwa kata lazima iishe pale ilipoanzia. Mbona mimi siishii hapo?

Kata nyingi za karate zimepangwa hivyo, na tofauti ya mwisho inakuonyesha kosa lako liko wapi. Chukua Heian Shodan ya Shotokan, yenye hatua 21, na uweke alama sakafuni unaposimama.

Hatua ya 1 hadi ya 5 unakwenda kushoto, kisha unageuka na kwenda kulia. Ya 6 unageukia mbele kwa kizuizi cha chini, na ya 7, 8 na 9 ni hatua tatu za kwenda mbele kwa kizuizi cha juu, na kiai, yaani ukelele wa nguvu, kwenye ya 9. Ya 10 hadi ya 13 unafanya tena pande mbili, kwa kizuizi cha chini na ngumi kila upande. Ya 14 unageuka kurudi, na ya 15, 16 na 17 ni hatua tatu za ngumi, na kiai kwenye ya 17. Nne za mwisho, 18 hadi 21, ni vizuizi vya kiganja kilichofunguliwa, uzito ukiwa mguu wa nyuma.

Tazama sasa: umbali wa kwenda mbele umejengwa na hatua tatu, na wa kurudi vilevile. Wanaoanza huinua mwili wanapoinua mkono kwa kizuizi cha juu, kwa hiyo hatua za 7 hadi 9 huwa fupi. Kwenye ngumi wanajisukuma, hatua 15 hadi 17 zinakuwa ndefu. Kila hatua ikitofautiana kwa sentimita 10, utamaliza sentimita 30 nyuma ya alama. Ukimaliza mbele ya alama, kosa ni la kinyume. Ukikosea kwa upande, tatizo liko kwenye mageuzi: mguu unaozunguka haujavuka vya kutosha, na msimamo umekuwa mwembamba.

Dawa si kuongeza hatua ya kujirekebisha mwishoni. Pima urefu wa msimamo wako wa kizuizi cha juu na wa ngumi kwa kuweka alama vidoleni na kisiginoni, mpaka viwe sawa, ndipo urudi kwenye kata nzima.

Kwa nini "kata" ipo pia katika majina ya mbinu, kama kata-guruma na katate-dori?

Hizo ni "kata" nyingine kabisa, zenye herufi tofauti, zinazofanana kwa sauti tu. Kuna tatu za kuangalia.

Ya kwanza ni bega. Kata-guruma ya judo ni gurudumu la bega: mpinzani anazungushwa juu ya mabega yako. Kata-dori ya aikido ni kushikwa bega. Ya pili ni upande mmoja kati ya miwili. Katate-dori ni kushikwa mkono mmoja, na kataha-jime ya judo ni kaba ya bawa moja. Ya tatu ni kosa la kusikia. Katame-no-kata ya judo ina "katame", yaani kubana na kuzuia, kisha "kata" yetu ya umbo mwishoni.

Namna ya kutambua ni kutazama nafasi ya neno. "Kata" ya umbo hukaa mwishoni, mara nyingi baada ya "no". Ikiwa mwanzoni mwa jina la mbinu, karibu kila mara ni bega au upande mmoja. Katika aikido kosa hili linaonekana papo hapo: mwalimu anataja kata-dori na mwanafunzi anashika kifundo cha mkono, kwa sababu amesikia katate-dori.

Je, ina uhusiano na "kata" ya Kiswahili?

Hakuna. Kukata, kata ya kuchotea maji na kata ya diwani hazihusiani nayo. Katika maandishi, ukisema "kufanya kata" au ukataja jina lake, msomaji hatachanganyikiwa.

## Dan

"Dan" maana yake ni nini?

Ni kidato, kile cha ngazi unachokanyaga ukipanda. Haimaanishi ubingwa, wala mkanda, wala rangi nyeusi. Mfumo wa dan ulikuwepo Japani katika mchezo wa go, unaochezwa kwa kete nyeupe na nyeusi ubaoni, muda mrefu kabla ya judo. Kano aliuchukua na kutoa dan za kwanza za judo mwaka 1883 kwa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Mkanda mweusi ulikuja baada ya hapo, takriban mwaka 1886. Karate iliupokea mfumo huo mwaka 1924, Funakoshi alipowapa wanafunzi wake dan za kwanza.

Kwa kuwa dan ni kidato, mtu "yuko dan ya 3". Hana vitu vitatu. Na kendo inaonyesha wazi kwamba mkanda si sehemu ya maana: ina dan kamili, lakini ukimtazama mtu akiwa amevaa vifaa vyake huwezi kujua yuko kidato gani.

Kwa nini dan ya kwanza ni "shodan" na si "ichidan"?

"Ichi" ni moja, lakini hapa hutumika "sho", yaani mwanzo. Shodan ni kidato cha kuanzia. Anayefika hapo amemaliza maandalizi, na wengi hukosea kwa kudhani amemaliza masomo. Baada yake hesabu ni ya kawaida: nidan, sandan, yondan au yodan, godan, rokudan, nanadan au shichidan, hachidan, kudan na judan. Nne haisomwi "shidan", kwa sababu "shi" inafanana kwa sauti na neno la kifo. Na judan ni kidato cha kumi: "ju" yake ni kumi, haihusiani na "ju" ya judo ambayo ni ulaini.

Kwa nini kyu zinashuka na dan zinapanda?

Kyu ni daraja, na huhesabiwa kwa kuelekea mwanzo. Kyu ya 8 iko mbali na shodan, kyu ya 1 iko mlangoni. Idadi ya kyu na rangi za mikanda hutofautiana kati ya vyama, kwa hiyo "mkanda wa kijani" hausemi kitu mpaka utaje kyu na chama. Katika judo ya Kodokan rangi huendelea hata baada ya nyeusi: dan ya 6 hadi ya 8 wanaweza kuvaa mkanda wa vipande vyekundu na vyeupe, na ya 9 na ya 10 mwekundu.

Inachukua muda gani kupanda kutoka dan hadi dan?

Kendo ya Japani ina kanuni iliyo wazi, na inafaa kuihesabu. Shodan huhitaji kyu ya 1 na umri wa miaka 13. Kisha kusubiri ni mwaka 1 kwa nidan, miaka 2 kwa sandan, 3 kwa yondan, 4 kwa godan, 5 kwa rokudan, 6 kwa nanadan.

Aliyepata shodan akiwa na miaka 13, na asishindwe mtihani hata mmoja, atapata nidan akiwa na 14, sandan 16, yondan 19, godan 23, rokudan 28 na nanadan 34. Hachidan huhitaji miaka 10 zaidi, ambayo ingempeleka 44, lakini kanuni inataka pia umri usiopungua 46. Atasubiri miaka 12. Na mtihani wenyewe ni mgumu sana: kwa kawaida hufaulu kama mtu mmoja katika mia. Hachidan ndicho kidato cha juu kinachotolewa katika kendo siku hizi.

Kwa hiyo ukikutana na kijana wa miaka 25 anayejitangaza dan ya 8, muulize chama kilichompa na tarehe za kila mtihani. Mwenye cheti halali atakutajia bila shida.

Nimefaulu Heian Shodan. Je, mimi sasa ni shodan?

Hapana. Heian ni kundi la kata tano, nazo zimehesabiwa kwa neno lile lile: Heian Shodan, Nidan, Sandan, Yondan na Godan. Hapo dan ni kidato cha kata ndani ya kundi, na kwa kawaida hufundishwa kwa wenye kyu. Mtoto wa mkanda mweupe anaweza kuwa anajifunza Heian Shodan huku akiwa na miaka kadhaa kabla ya kuwa shodan. Unapojaza fomu ya mtihani au ya mashindano, sehemu ya daraja andika kyu yako, na jina la kata uliandike kwenye nafasi ya kata.

Taekwondo nayo ina dan. Ni neno lile lile?

Ndiyo. Kikorea kilipokea herufi zile zile za Kichina na kuzisoma kwa sauti yake: dan ni dan, kyu ni geup, na dojo ni dojang. Mwalimu huitwa sabeom, ambalo kwa herufi ni lile lile la shihan. Walio chini ya miaka 15 hupewa poom badala ya dan, na mkanda wao una nyekundu na nyeusi. Mtoto mwenye poom ya 1 akihamia karate hahesabiwi shodan moja kwa moja. Mkufunzi mpya atamtazama na kuamua kyu inayomfaa, kwa kuwa hakuna chama kinacholazimika kutambua vidato vya sanaa nyingine.